Mwisho Kwanza: Jinsi Chumba cha Waandishi Kinavyopanga Hadithi Ndefu Kabla ya Kamera Kuwashwa

Msimu wa pili wa tamthilia ya Breaking Bad ulipoanza kuonyeshwa na kituo cha AMC nchini Marekani tarehe 8 Machi 2009, jambo la kwanza ambalo mtazamaji aliliona lilikuwa bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ya kawaida. Picha yote ilikuwa nyeusi na nyeupe, isipokuwa mwanasesere wa dubu wa rangi ya waridi, aliyeungua upande mmoja na kung'oka jicho, akielea majini. Haikuelezwa alifikaje pale. Bwawa lile lilirudi mwanzoni mwa episodi ya nne, ya kumi na ya kumi na tatu, na kila liliporudi liliongeza kidogo: watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakikusanya vitu na kuvitia katika mifuko ya ushahidi, kisha mifuko ya maiti iliyolazwa penye maegesho ya gari. Ni katika dakika za mwisho za episodi ya kumi na tatu ndipo mtazamaji alipojua kwamba ndege mbili zilikuwa zimegongana angani juu ya mji wa Albuquerque, na kwamba dubu yule alianguka kutoka huko.

Nimechagua msimu huu kwa sababu unaonyesha wazi jambo ambalo watu wengi wanaotazama tamthilia hawalioni, na ambalo hata baadhi yetu tunaoziandika hulichukulia kijuujuu. Ili kamera ipige picha ya bwawa lile katika episodi ya kwanza, waandishi walilazimika kujua tayari kilichoanguka ndani yake, kilianguka kwa sababu gani, na ni nani aliyesababisha. Picha ikishapigwa na kurushwa hewani haifutiki. Hata majina ya episodi zile nne yalikuwa yamekwisha kuamuliwa: "Seven Thirty-Seven", "Down", "Over" na "ABQ". Ukiyasoma kwa mfululizo, yanatangaza kwamba ndege aina ya 737 imeanguka juu ya Albuquerque, kwa maana herufi ABQ ndizo zinazotumika kuutaja uwanja wa ndege wa mji huo. Jibu lilikuwa limewekwa hadharani tangu mwanzo.

Vince Gilligan, aliyeibuni tamthilia hiyo, ameeleza katika mahojiano kwamba msimu huo ulipangwa wote kabla ya kupigwa picha, na kwamba kazi hiyo ilikuwa nzito kiasi kwamba chumba chake hakikurudia tena kupanga msimu kwa namna hiyo. Maelezo hayo nayaheshimu, kwa kuwa yametoka kwa mtu aliyejaribu njia zote mbili. Ninachotaka kukifuata hapa ni uzito huo wenyewe: ulitoka wapi, na chumba kiliubebaje.

Chumba cha waandishi si jambo la ajabu kwa macho. Chumba cha Breaking Bad kilikuwa Burbank, California, mbali na Albuquerque ambako picha zilipigwa, na vifaa vyake vikuu vilikuwa meza, viti, na mbao za ukutani zilizobandikwa kadi. Kila episodi ina ubao wake au safu yake, na safu hiyo imegawanywa katika kionjo cha ufunguzi na vitendo vinavyofuata, kulingana na mahali matangazo ya biashara yatakapoingia. Kila kadi ina tukio moja, kwa maneno machache yanayosomeka kutoka upande wa pili wa meza. Mwandishi mkuu huketi na wenzake siku nzima, wakizungumza, na kadi haipandi ukutani mpaka chumba kimekubaliana kwamba tukio hilo linastahili kuwapo na kwamba linafuata kwa haki lile lililotangulia. Katika kazi ya namna hii mazungumzo huchukua muda mrefu kuliko uandishi. Mtu anaweza kwenda kuandika skripti ya episodi yake kwa wiki mbili, lakini chumba kikawa kimeijadili episodi hiyo hiyo kwa wiki tatu kabla ya kumpa ruhusa ya kuanza.

Ugumu huanza pale safu kumi na tatu zinapotakiwa kusimama ukutani kwa pamoja. Katika episodi moja, mwandishi hujiuliza tukio gani litafuata. Katika msimu mzima uliopangwa kutoka mwisho, swali hugeuka kuwa tukio gani lazima liwe limetangulia, na kila jibu huzaa swali jingine la aina hiyo hiyo, mpaka ufike mwanzo. Tuufuate msimu ule kwa mwendo huo wa kurudi nyuma, maana humo ndimo ufundi wake ulimo.

Ndege zinagongana. Kwa nini? Kwa sababu mwongozaji wa safari za ndege, Donald Margolis, amerudi kazini akiwa bado ameelemewa na msiba, na akili yake haipo kwenye mtambo ulio mbele yake. Msiba gani? Binti yake, Jane, amefariki. Amefarikije? Alitapika akiwa usingizini baada ya kutumia heroini, akapaliwa, na Walter White, mwalimu wa kemia aliyegeuka kuwa mpishi wa dawa za kulevya, alikuwa amesimama kando ya kitanda akatazama bila kumsaidia. Kwa nini Walter alikuwa pale? Kwa sababu Jane alikuwa amemtishia kumfichua ili amlipe Jesse, mshirika wake, sehemu yake ya fedha. Kwa nini Jane alikuwa amerudia heroini, naye alikuwa amekwisha kuacha? Kwa sababu Jesse aliingia katika majonzi na dawa baada ya rafiki yake, Combo, kupigwa risasi akiuza mtaani, naye Jane akamfuata. Kwa nini Combo alikuwa akiuza kwenye kona ile ya hatari? Kwa sababu Walter alikuwa amemshinikiza Jesse wapanue eneo la biashara. Na Jesse alimjuaje Jane? Alipangishwa naye nyumba, baada ya wazazi wake kumfukuza katika nyumba aliyokuwa akiishi, katika episodi ya nne.

Ukiutazama mnyororo huo, utaona kwamba viungo vyake vingi vinaishia kwenye mkono wa mtu mmoja. Tamaa ya Walter ya kupanua biashara ndiyo iliyomuua Combo, kifo cha Combo ndicho kilichowafikisha Jesse na Jane kwenye sindano, na uamuzi wa Walter kando ya kitanda ndio uliomwacha baba wa Jane katika hali ya kutoweza kuongoza ndege. Msimu mzima ulipangwa ili mtazamaji, akikaa kuhesabu, agundue kwamba mabaki yaliyoanguka juu ya nyumba ya Walter yalianguka kwa sababu yake, ingawa Walter mwenyewe hajui. Hii ndiyo faida ya kuanza na mwisho: tukio la episodi ya saba linaweza kubeba uzito wa episodi ya kumi na tatu bila mtu yeyote ndani ya hadithi kulitamka.

Hata hivyo mnyororo uliopangwa kwa kurudi nyuma una ugonjwa wake, nao ni lazima utafutwe kwa kuusoma upya kutoka mbele. Ukirudi nyuma, kila kiungo huonekana cha lazima, kwa sababu wewe unajua unakokwenda. Mhusika hajui. Jesse hafukuzwi na wazazi wake ili akutane na Jane. Anafukuzwa kwa sababu wamegundua alichokuwa akikifanya katika nyumba ile. Kwa hiyo, baada ya kadi zote kupanda, chumba lazima kianze tena kwenye kadi ya kwanza na kumwulizia kila mhusika mambo mawili: anataka nini sasa hivi, na anajua nini sasa hivi. Gilligan na wenzake walikuwa na mazoea ya kujiuliza akili ya Walter iko wapi wakati ule, na ninaamini swali hilo ndilo lililookoa msimu uliokuwa na hatari ya kuwa hesabu tupu. Kama jibu la pekee la kwa nini mhusika anafanya jambo ni kwamba episodi ya kumi na tatu inalihitaji, kadi hiyo inatolewa, hata kama nyingine tano zimeiegemea.

Kuna mahali msimu huu ulilaumiwa, na lawama yenyewe ina mafunzo. Inakuwaje baba wa Jane awe ndiye mwongozaji wa ndege? Na inakuwaje Walter aketi naye kando kwa kando katika baa, usiku ule ule, wasijuane, wakazungumza kuhusu kulea mabinti? Binafsi nayapima mambo haya mawili kwa mizani tofauti. Kazi ya baba ni hali iliyokuwapo kabla ya hadithi kuanza; kila mtu ana kazi, na mtazamaji hukubali hali aliyoikuta. Mkutano wa baa ni mgumu zaidi, maana ni sadfa inayotokea mbele ya macho yetu. Lakini tazama umewekwa pale ufanye nini. Donald anamwambia Walter kwamba mtu hawezi kukata tamaa juu ya familia yake, na maneno hayo ndiyo yanayomwinua Walter kutoka kwenye kiti na kumrejesha nyumbani kwa Jesse, ambako atamwona Jane akipaliwa. Sadfa ile haimwokoi mtu. Inamsukuma mhusika kwenye uamuzi mbaya zaidi kuliko yote aliyokuwa ameyafanya. Ninaikubali kwa sababu hiyo, ingawa namwelewa asiyeikubali.

Sasa nije kwenye sehemu inayonivutia kuliko zote, ambayo ni namna kifo cha Jane kilivyobadilika bila kadi yake kuhama. Gilligan ameeleza kwamba katika wazo lake la awali Walter alikuwa amuue kwa mkono wake, kwa kumwongezea heroini akiwa amelala. Waliousimamia mradi waliingiwa na wasiwasi, kwamba mhusika alikuwa akikimbizwa mbali mno na mapema mno, na mjadala ukaendelea mpaka wakafikia kile tulichokiona: Walter anajaribu kumwamsha Jesse kwa kumtikisa, mtikisiko huo unamgeuza Jane kulala chali, anaanza kupaliwa, Walter ananyoosha mkono kumsaidia, kisha anasita na kuurudisha. Hatua ya kwanza kabisa haikuwa ya makusudi. Ya pili ilikuwa. Misimu mitatu zaidi ilijengwa juu ya kusita kule, na kama angemchoma sindano, sidhani kama mtazamaji angeweza kuendelea kukaa upande wake hata kwa nusu ya safari iliyobaki.

Tukio hili linafafanua mpango wa msimu mzima ni mpango wa nini hasa. Kilichokuwa kimefungwa ni kazi ya tukio: Jane lazima afe katika episodi ya kumi na mbili, Walter lazima ahusike, Jesse asijue, na baba lazima abaki na msiba usiobebeka. Kilichokuwa wazi ni namna. Waandishi wanaofunga namna mapema mno hujikuta, skripti zinapoanza kuandikwa, wakilinda picha waliyoipenda miezi minne iliyopita badala ya kuilinda hadithi. Wasioifunga hata kazi ya tukio nao hufika episodi ya kumi na mbili wakiwa hawajui wanachohitaji.

Hapa ndipo biblia ya tamthilia inapoingia. Kwa wasioijua, biblia ni waraka unaoandikwa kabla ya upigaji picha, wenye kurasa kati ya ishirini na mia moja au zaidi, unaoeleza ulimwengu wa hadithi, wahusika na historia zao, kanuni za mambo yanayowezekana na yasiyowezekana, mkondo wa msimu mzima, na muhtasari wa kila episodi. Toleo la kwanza huandikwa ili kukishawishi kituo kitoe fedha, kwa hiyo lina maneno matamu na ahadi. Toleo la pili, lile la kazi, huandikwa na chumba chenyewe au baada ya chumba kufungwa, nalo halimshawishi mtu yeyote. Linamwambia mwongozaji, mbunifu wa mavazi, mtafuta maeneo na mwandishi aliyeajiriwa jana kile ambacho wengine wote wanakijua. Matoleo haya mawili hayapaswi kuchanganywa. Nimeona miradi hapa kwetu ikianza kupiga picha ikiwa na lile la kwanza tu, likiwa na ukurasa mzuri juu ya mandhari ya Lamu na maisha ya ndani ya mhusika mkuu, lakini hakuna mahali palipoandikwa kama kaka yake anajua au hajui kuhusu mkopo.

Swali la nani anajua nini, na tangu episodi ya ngapi, ndilo ninalolitafuta kwanza katika biblia yoyote ninayopewa. Hadithi ndefu huishi kwa siri, na picha hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Maonyesho yote yanayotokea katika nyumba moja hupigwa kwa wiki moja, yawe ya episodi ya pili au ya kumi na moja, kwa sababu nyumba imekodiwa kwa wiki hiyo. Mwigizaji anaamka asubuhi akiwa hajui siri, na baada ya chakula cha mchana anaijua kwa miezi mitatu. Asipokuwa na ukurasa unaomwambia hivyo, atacheza maonyesho yote mawili kwa uso mmoja, na mhariri wa picha hataweza kumsaidia.

Katika chumba kimoja cha Nairobi ambamo niliandikia tamthilia ya episodi kumi na tatu, juu ya ugomvi wa shamba la urithi, tulichora ubao mmoja mkubwa: wahusika kwa mistari ya kulala, episodi kwa safu za kusimama. Kila mraba ulibeba kadi yenye mambo matatu. Kadi moja ninayoikumbuka vizuri, ya episodi ya nne, ilisomeka hivi: "Zuhura aiona hati ya shamba, jina ni la shangazi. Anataka: auze kabla ya Idi. Baada ya hapa: hamwamini tena mama." Mstari wa kwanza ni tukio, wa pili ni haja, wa tatu ni badiliko ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Mstari wa tatu ndio uliotusumbua kuliko mingine. Mara nyingi tukio lilikuwa zuri na haja ilikuwa wazi, lakini tulipofika kwenye badiliko tuliona kwamba hakuna kilichobadilika. Watu walikuwa wamegombana kwa kurasa sita na kuachana wakiwa vile vile walivyokutana.

Ubao wa namna hiyo huonyesha kasoro hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Mstari wenye miraba mitatu mitupu mfululizo ni mhusika aliyesahauliwa, na akirudi katika episodi ya tisa mtazamaji atakuwa amekwisha kumzoea kutokuwapo. Safu iliyojaa kadi sita za mabadiliko makubwa ni episodi itakayomaliza hadithi ya episodi tatu zinazofuata. Kasoro ya katikati ya msimu, yaani episodi ya tano hadi ya nane, haionekani kwa macho. Hii hutafutwa kwa kuchukua kadi mbili zinazofuatana na kuzibadilishana nafasi. Kama hakuna kilichoharibika, basi ya kwanza haikuisababisha ya pili, na kati ya hizo mbili kuna "halafu" mahali palipohitaji "kwa hiyo" au "lakini". Jaribu hilo kwenye msimu ule wa Breaking Bad: huwezi kumuua Combo baada ya Jane, wala kumfukuza Jesse nyumbani baada ya Combo. Hakuna kadi inayokubali kuhama.

Lipo jambo moja ambalo biblia za Kiswahili zinalihitaji zaidi kuliko nyingine, nalo ni ukurasa wa namna wahusika wanavyoitana. Chumba chetu kilikuwa na mwandishi wa Mombasa, wawili wa Nairobi na mmoja aliyekulia Tanga, na katika rasimu za kwanza Zuhura alimwamkia shangazi yake kwa shikamoo katika episodi moja, akamwita "auntie" katika nyingine, na katika ya tatu akamwambia "wewe" bila kuwa amekasirika. Kwa mtazamaji wa pwani, hilo la mwisho ni tukio kubwa kuliko hati ya shamba. Tuliandika ukurasa mmoja: nani humwamkia nani, kwa neno gani, na ni katika episodi gani, kwa sababu gani, salamu hiyo itakosekana kwa mara ya kwanza. Tuliiweka kwenye episodi ya kumi, na haikuhitaji mazungumzo yoyote ya ziada.

Mpango ukikamilika, maisha huanza kuutoboa, na msimu ule wa pili haukusalimika. Tuco, mfanyabiashara wa dawa mwenye hasira za ghafla, alikuwa amekusudiwa kuwa adui wa muda mrefu. Mwigizaji wake, Raymond Cruz, alikuwa na kazi ya kudumu katika tamthilia nyingine, na Tuco akafa katika episodi ya pili. Nafasi iliyobaki wazi ilijazwa baadaye na Gus Fring, mtu mpole mwenye mikahawa ya kuku, anayejitokeza katika episodi ya kumi na moja na kuwa adui mkubwa zaidi katika tamthilia yote. Kwenye episodi ya mwisho, wakili Saul alikuwa aende nyumbani kwa Jesse kusafisha ushahidi wa kifo cha Jane, lakini mwigizaji wake, Bob Odenkirk, alikuwa na ahadi ya kazi mahali pengine siku hizo. Waandishi wakabuni mtu wa kutumwa na Saul, na hivyo ndivyo Mike alivyozaliwa. Katika mabadiliko yote mawili mnyororo wa Combo, Jane na Donald haukuguswa, kwa sababu kilichobadilika ni nani anayeibeba kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa.

J. Michael Straczynski aliyatazamia matatizo hayo mapema zaidi. Tamthilia yake ya Babylon 5, iliyokuwa na filamu ya utangulizi mwaka 1993 na kuanza rasmi mwaka 1994, ilipangwa tangu awali kama hadithi moja ya miaka mitano, jambo lisilo la kawaida katika televisheni ya Marekani ya wakati ule. Alimwekea kila mhusika mkuu mlango wa siri wa kutokea, yaani njia iliyofikiriwa mapema ya kumwondoa bila kuubomoa mkondo mkuu, endapo mwigizaji angeondoka. Ulihitajika upesi kuliko ilivyotazamiwa: Michael O'Hare, aliyecheza kamanda Sinclair, aliondoka baada ya msimu wa kwanza. Nafasi yake ilichukuliwa na mhusika mpya, Sheridan, na kazi za Sinclair zikagawanywa. Sehemu moja ya kazi ile, ya kuhusika kwake na historia ya kale ya Waminbari, viumbe wa sayari nyingine katika hadithi hiyo, haikuweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo O'Hare alirudi katika msimu wa tatu kwa episodi mbili kuikamilisha. Naona funzo la kiufundi hapo: mlango wa kutokea hauandikwi kwa kusema "mhusika anaweza kufa". Unaandikwa kwa kuorodhesha kazi zake katika hadithi, kisha kueleza zipi zinaweza kubebwa na mwingine na zipi haziwezi.

Kwetu Afrika Mashariki mwigizaji huondoka kwa sababu za kawaida zaidi, kama vile kupata kazi ya kudumu, ujauzito, au kukosana na mtayarishaji juu ya malipo, na tamthilia zetu nyingi ni za episodi mamia, zinazoandikwa huku zikipigwa picha. Kupanga zote mwanzoni hakuwezekani, na sidhani kama ni jambo la kutamanika. Kinachowezekana ni kupanga mafungu: mwisho wa kila fungu la episodi kumi na tatu au ishirini na sita unajulikana kabla ya fungu hilo kuanza kuandikwa, na mwisho wa yote unajulikana kwa sentensi moja.

Gilligan mwenyewe aliishia karibu na njia hiyo, na safari hii kwa kucheza na hatari. Msimu wa tano, ulioanza Julai 2012, ulifunguka na Walter mwenye ndevu, siku alipotimiza miaka 52, akinunua bunduki kubwa ya rashasha na kuitia kwenye buti la gari. Picha ile ilipigwa wakati waandishi wakiwa hawajui bunduki itatumika dhidi ya nani. Walikaa na swali hilo muda mrefu, na jibu lilionekana Septemba 2013, katika episodi ya mwisho kabisa. Tofauti yake na dubu wa waridi ni kubwa. Dubu aliwekwa na watu waliojua jibu, kwa hiyo kila kadi iliweza kulielekea taratibu. Bunduki iliwekwa na watu walioamini kwamba wanamfahamu Walter vya kutosha kulipata jibu, na imani hiyo ilikuwa na msingi wa misimu minne iliyokwisha kuandikwa. Chumba kinachoanza msimu wa kwanza hakina msingi huo, na kwa sababu hiyo simshauri mtu aliye kwenye msimu wa kwanza apige picha ya bunduki asiyoijua.

Mwandishi mkuu wa chumba chetu, mama mmoja mwenye uzoefu mrefu wa michezo ya redio, alisisitiza kwamba kurasa za mwisho za biblia ziwe za maswali ambayo hatujayajibu. Kila swali lilikuwa na namba ya episodi ambayo kabla yake jibu lazima liwe limepatikana, na jina la mwandishi anayelishughulikia. Siku ya kwanza ya kupiga picha kurasa hizo zilikuwa na maswali tisa. Moja lilikuwa ni nani aliyeghushi sahihi ya babu kwenye hati, nalo liliandikiwa episodi ya sita, kwa sababu katika episodi ya saba mwigizaji wa shangazi alipaswa kuishika hati ile mkononi, na mwongozaji alikuwa amekwisha kutuuliza kama mkono wake utetemeke au la.